Piramidi ya machungwa na sanduku zima: gharama ya kutafuta kinyume

Mwaka 1946, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, kando ya London, iliingia kazi ya milinganyo 18 yenye namba 18 zisizojulikana. Kompyuta ambayo Alan Turing alikuwa akiibuni katika maabara hiyohiyo ilikuwa bado ni michoro na maelezo kwenye karatasi. Zilizokuwapo ni mashine za kuhesabia za mezani. Mtu anaingiza namba mbili, mashine inazizidisha, anaandika jibu kwenye karatasi, kisha anaanza na namba nyingine mbili. Waliojifunga kibwebwe kuifanya kazi hiyo walikuwa wanne: Leslie Fox, Goodwin aliyeongoza kitengo cha mashine za mezani, Turing mwenyewe, na James Wilkinson, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga na maabara. Wilkinson ndiye aliyekuja kukisimulia kisa hiki mwaka 1970, aliposimama kupokea tuzo yenye jina la Turing.

Njia waliyoichagua ni ile inayoitwa kwa jina la Gauss, ya kuondoa kisichojulikana kimoja baada ya kingine. Ukikaa nayo na kalamu kabla hujagusa mashine, unaweza kujua kazi nzima ina kuzidisha na kugawanya mara ngapi. Jibu ni 2,262, si zaidi wala si pungufu. Na kama wangeamua kutafuta kwanza kinyume cha jedwali la namba zao, kisha wakizidishe na upande wa kulia wa milinganyo, wangelazimika kuzidisha na kugawanya mara 6,156.

Tuseme kila tendo linachukua dakika moja, pamoja na kuandika jibu. Njia ya kwanza ni saa 37 na dakika 42. Ya pili ni saa 102 na dakika 36. Kwa mtu anayefanya kazi saa saba kwa siku, hiyo ni tofauti ya kumaliza baada ya siku tano na nusu au baada ya siku karibu kumi na tano, kwa majibu yaleyale 18.

Wengi waliopita sekondari wamefundishwa njia ya pili. Kidato cha nne nchini Tanzania, mwanafunzi wa hisabati anapewa milinganyo miwili, anaipanga katika matriksi, yaani jedwali la namba lenye mistari na safu, anatafuta matriksi kinyume, anazidisha, na majibu yanatoka. Kwa jedwali la namba nne hasara haionekani, maana kinyume chake kina kanuni fupi ya kukariri. Tatizo ni mazoea yanayobaki kichwani: kwamba kutatua milinganyo maana yake ni kutafuta kinyume. Mazoea hayo mtu huyabeba hadi kwenye jedwali la mistari elfu moja.

Ili kuona namba hizo mbili zinatoka wapi, mahali pazuri pa kuanzia ni mbali zaidi na Teddington, kwa miaka na kwa maili. Katika kitabu cha kale cha Wachina kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, sura ya nane inafungua kwa swali la mavuno. Kuna miganda ya nafaka ya daraja la juu, la kati na la chini. Miganda 3 ya juu, 2 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 39 za nafaka, dou kikiwa kipimo chao cha ujazo. Miganda 2 ya juu, 3 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 34. Mgandà mmoja wa juu, 2 ya kati na 3 ya chini hutoa dou 26. Je, kila mganda hutoa kiasi gani?

Wachina walipanga vijiti vya kuhesabia ubaoni na kuondoa namba safu kwa safu. Kwa maandishi ya leo jedwali linakuwa hivi:

```
3  2  1 | 39
2  3  1 | 34
1  2  3 | 26
```

Namba 3 iliyo juu kushoto ndiyo egemeo la hatua ya kwanza, kwa sababu mistari mingine yote inaegemezwa juu yake. Ili kuua ile 2 iliyo chini yake, mtu anagawanya 2 kwa 3 na kupata theluthi mbili. Hicho ndicho kizidishio. Anauzidisha mstari wa kwanza kwa theluthi mbili, kisha anautoa katika mstari wa pili. Ile 2 inakuwa sifuri, na hilo linajulikana mapema, kwa hiyo halihitaji hesabu. Namba zinazohitaji hesabu ni mbili zilizobaki kwenye mstari, pamoja na ile 34 ya upande wa kulia. Mstari wa tatu nao hufanyiwa vivyo hivyo kwa kizidishio cha theluthi moja. Jedwali linakuwa:

```
3   2    1  | 39
0  5/3  1/3 |  8
0  4/3  8/3 | 13
```

Kufikia hapa, ukiuacha upande wa kulia, pamefanyika kugawanya mara mbili na kuzidisha mara nne. Sasa mstari wa kwanza umemaliza kazi yake, na kilichobaki ni jedwali dogo la mistari miwili. Egemeo jipya ni 5/3. Kizidishio ni 4/3 kugawanywa kwa 5/3, yaani 4/5, na kwa kuzidisha mara moja tu namba ya mwisho inakuwa 12/5. Upande wa kulia nao unafuata: 13 kutoa 4/5 ya 8 ni 33/5. Kwa hiyo mganda wa daraja la chini hutoa 33/5 kugawanywa kwa 12/5, ambayo ni dou 2¾. Ukirudi juu mstari kwa mstari na kuingiza majibu uliyokwisha yapata, mganda wa kati unatoa 4¼ na wa juu 9¼. Ndiyo majibu yaliyomo katika kitabu.

Tuhesabu matendo. Kuliondoa jedwali lenyewe kumekula kuzidisha na kugawanya mara 8. Upande wa kulia wakati wa kushuka umekula mara 3. Kupanda kurudi juu kumekula mara 6. Jumla ni 17. Pamoja nayo kuna kutoa mara 11, lakini desturi ya zamani ilikuwa kuhesabu kuzidisha na kugawanya tu, kwa kuwa ndiko kulikochosha mkono. Tutafuata desturi hiyo, maana karibu kila kuzidisha kunafuatana na kutoa kumoja, na hivyo uwiano haubadiliki sana.

Turudi Teddington, ambako mistari ni 18. Hatua ya kwanza inadai vizidishio 17, kimoja kwa kila mstari ulio chini ya egemeo. Kisha kila mstari kati ya hiyo 17 una namba 17 za kurekebisha, na 17 mara 17 ni 289. Hatua ya pili ina vizidishio 16 na marekebisho 256. Ya tatu ina 15 na 225. Jedwali linapungua mstari mmoja na safu moja kila hatua, hadi linabaki na namba moja.

Mwenye macho ya sokoni ataitambua picha hii. Muuzaji anapopanga machungwa, tabaka la chini likiwa mraba wa 17 kwa 17, la juu yake 16 kwa 16, kisha 15 kwa 15, hadi chungwa moja kileleni, anajenga piramidi. Idadi ya machungwa katika piramidi hiyo ni 1,785. Ukiongeza vizidishio, ambavyo jumla yake ni 153, unapata 1,938. Hiyo ndiyo gharama ya kuliondoa jedwali la mistari 18. Na wajenzi wa kale walikwisha kujua kwamba piramidi hujaza theluthi moja ya sanduku lenye kitako kilekile na kimo kilekile. Kwa mistari n, sanduku ni n mara n mara n, kwa hiyo piramidi ni karibu theluthi moja ya n kwa kipeo cha tatu. Kwa hesabu kamili, bila kukadiria, ni hivi:

```
(n³ − n) / 3
```

Weka 3 mahali pa n, unapata 8. Weka 18, unapata 1,938.

Inabaki gharama ya upande wa kulia, na hapa pana jambo ambalo msomaji inafaa alikumbuke, kwa sababu hoja yote itarudi hapa. Kushuka na kupanda kwa upande mmoja wa kulia hugharimu n mara n kamili. Kwa jedwali la miganda tuliona 3 na 6, jumla 9, ambayo ni 3 mara 3. Kwa 18 ni 324. Ukijumlisha 1,938 na 324 unapata ile 2,262.

Sasa kinyume. Matriksi kinyume ni jedwali ambalo likizidishwa na jedwali la awali hutoa moja kwenye mstari wa mshazari na sifuri kwingine kote. Ukilitazama swali hili safu kwa safu, utaona kwamba kila safu ya kinyume ni jibu la milinganyo ileile, ila upande wa kulia wake ni namba moja na sifuri zilizobaki. Kutafuta kinyume cha jedwali la mistari 18, basi, ni kutatua milinganyo mara 18. Mtu aliyeomba jibu moja amejipa kazi ya majibu kumi na nane, kisha atayachanganya yote ili apate lile moja alilolihitaji tangu mwanzo.

Bahati njema ni kwamba piramidi hujengwa mara moja tu, kwa kuwa jedwali ni lilelile. Hiyo ni 1,938. Kushuka kwa pande zote 18 za kulia kungekuwa na gharama kubwa, lakini sifuri zilizojaa humo zinaokoa mengi, na kubaki ni 816. Kupanda hakuna nafuu yoyote: kila safu inakula 171, na 18 mara 171 ni 3,078. Jumlisha zote tatu: 5,832. Namba hiyo ni 18 mara 18 mara 18 kamili. Sanduku zima limejaa. Theluthi moja imekwenda kwenye piramidi, karibu sudusi moja kwenye kushuka, na karibu nusu kwenye kupanda. Baada ya hapo bado kuna kuzidisha kinyume na upande wa kulia, 324 nyingine, na ndipo inapopatikana 6,156.

Kadiri jedwali linavyokua, uwiano unazidi kukaribia tatu kwa moja. Kwa mistari 100, njia ya kuondoa inataka kuzidisha na kugawanya mara 343,300, na njia ya kinyume mara 1,010,000. Kwa mistari 1,000 ni milioni 334 dhidi ya milioni 1,001.

Mtetezi wa kinyume ana hoja moja nzito, nayo inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Anasema: kweli kinyume ni ghali mara ya kwanza, lakini ukishakuwa nacho umemaliza. Kesho ikija milinganyo yenye jedwali lilelile na upande mwingine wa kulia, unazidisha tu. Mhandisi anayekagua daraja moja chini ya mizigo mia tofauti ana jedwali moja na pande mia za kulia. Je, si bora agharamie kinyume mara moja ale matunda mara mia?

Hoja ingekuwa na nguvu kama kuzidisha na kinyume kungekuwa rahisi kuliko kushuka na kupanda. Lakini jedwali la n kwa n likizidishwa na safu moja hutaka kuzidisha mara n mara n, na kushuka na kupanda nako ni mara n mara n. Ni sawasawa kabisa, hakuna hata tendo moja la kutofautiana. Kinachotakiwa ni mtu asivitupe vizidishio vyake. Theluthi mbili, theluthi moja na 4/5 za miganda zinaweza kuandikwa palepale penye sifuri walizozizaa, chini ya mshazari, na maegemeo pamoja na namba zilizo kulia kwao yakabaki juu. Jedwali linakuwa na pembetatu mbili mahali pa moja, bila kuongeza hata nafasi moja ya kuhifadhia:

```
 3    2    1
2/3  5/3  1/3
1/3  4/5  12/5
```

Kesho mavuno yakibadilika na kuwa dou nyingine badala ya 39, 34 na 26, mwenye jedwali hili anashuka kwa kuzidisha mara tatu, anapanda kwa mara sita, amemaliza. Mwenye kinyume mkononi naye anazidisha mara tisa. Kwa mizigo mia wote wawili wanatembea mwendo mmoja, ila aliyetafuta kinyume alianza safari akiwa amechelewa kwa theluthi mbili ya sanduku, na hana mahali popote njiani pa kufidia.

Turing aliyaeleza mambo ya namna hii katika makala yake ya mwaka 1948 kuhusu makosa ya kukata tarakimu katika hesabu za matriksi. Humo alipendekeza kazi ya hesabu ipimwe kwa kuhesabu matendo, akitaja kujumlisha, kuzidisha, kugawanya na hata kuandika namba, huku akikiri kwamba ni kipimo cha juujuu. Humohumo aliionyesha njia ya Gauss kama kulipasua jedwali katika pembetatu mbili. Si vigumu kuona ni kwa nini mtu aliyekwisha kushinda kwenye mashine ya mezani na milinganyo 18 angehesabu hata kuandika.

Kukata tarakimu ndiko kulikokuwa kunamtia Turing wasiwasi hata kabla ya kazi ile kuanza. Wilkinson anasema aliamini itashindikana, kwamba makosa madogo yangelimbikizana na kuharibu majibu. Haikuwa hivyo. Majibu yalitoka safi, na ushangao huo ndio uliomfanya Turing alifikirie swali upya. Katika jambo hili pia kinyume kina hasara yake, na inaweza kuonekana kwa mikono mitupu.

Chukua mlinganyo mmoja tu: mara 9 ya namba fulani ni 63. Ukigawanya, jibu ni 7. Ukitafuta kinyume cha 9 kwanza, kwa desimali nne, unapata 0.1111, na ukizidisha na 63 unapata 6.9993. Tendo moja limekuwa mawili, na jibu limechafuka.

Sasa irudie miganda ya Wachina, kila hatua ikikatwa kwenye desimali tatu. Kinyume cha jedwali, kikiandikwa kwa sehemu kamili, kina namba kama 7/12, ambayo inakuwa 0.583, na 1/12, ambayo inakuwa 0.083. Ukikizidisha na 39, 34 na 26 unapata 9.257, 4.257 na 2.757. Ukiyarudisha majibu hayo katika milinganyo, mstari wa kwanza unatoa 39.042 mahali pa 39, wa pili 34.042 na wa tatu 26.042. Baki ni 0.042 kila mahali. Kwa njia ya kuondoa, kwa desimali tatu zilezile, majibu ni 9.253, 4.243 na 2.756, na ukiyarudisha unapata 39.001, 33.991 na 26.007. Baki kubwa kuliko zote ni 0.009.

Majibu yenyewe katika njia zote mbili yamekosea kwa kiasi kinachokaribiana, kama elfu tatu hadi saba za dou. Tofauti iko kwenye baki. Njia ya kuondoa inatoa majibu yanayokaribia sana kuitimiza milinganyo, na njia ya kinyume haina dhamana hiyo. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kama hesabu yake imekwenda vibaya hufanya jambo hili moja: anarudisha majibu katika milinganyo ya awali na kutazama baki. Dhamana ya njia ya kuondoa nayo ina sharti. Egemeo likiwa dogo sana kuliko namba zilizo chini yake, vizidishio vinakuwa vikubwa mno na makosa yanavimba navyo. Dawa ni kubadilisha mistari ili namba kubwa ndiyo iwe egemeo. Wale wanne wa Teddington walikwenda mbali zaidi: kila hatua walitafuta namba kubwa kuliko zote katika jedwali lililobaki, wakabadilisha mistari na safu pia. Hilo halikuongeza kuzidisha hata kumoja, ila macho yalichoka.

Mpaka hapa hasara ya kinyume ni mara tatu, na mwenye kompyuta ya leo anaweza kusema ataivumilia. Lakini majedwali mengi ya kazi halisi yamejaa sifuri, na kwa hayo hasara haina tena kipimo cha mara tatu.

Fikiria fimbo ya chuma ambayo ncha zake mbili zimewekwa kwenye joto linalojulikana, na mtu anataka kujua joto la kila mahali katikati. Anaigawa fimbo kwa nukta. Kila nukta inawahusu majirani wawili tu, wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo kila mstari wa jedwali una namba tatu, na zilizobaki ni sifuri. Kwa nukta nne jedwali ni hili:

```
 2 −1  0  0
−1  2 −1  0
 0 −1  2 −1
 0  0 −1  2
```

Katika kuondoa, kila hatua ina mstari mmoja tu wa kurekebisha, maana chini ya egemeo kuna namba moja isiyo sifuri. Ni kugawanya mara moja, kuzidisha mara moja, na kuzidisha kumoja kwa upande wa kulia. Hakuna piramidi tena. Ni mstari wa machungwa uliolala chini. Kwa nukta n gharama yote ni 5n kutoa 4. Na kinyume chake? Hiki hapa, kila namba ikigawanywa kwa 5:

```
4  3  2  1
3  6  4  2
2  4  6  3
1  2  3  4
```

Hakuna sifuri hata moja, na hata kwa nukta milioni ingekuwa hivyohivyo. Ukiitia joto nukta moja ya fimbo, kila nukta nyingine hatimaye huhisi, na kinyume ndicho jedwali la nani anahisi kiasi gani kutoka kwa nani. Kwa hiyo kimejaa kwa asili yake. Kwa fimbo ya nukta milioni moja, jedwali la awali lina namba karibu milioni tatu, ambazo kwa baiti 8 kila moja ni megabaiti 24, na kuondoa kunataka kuzidisha na kugawanya mara milioni tano, kazi isiyofika hata sekunde moja kwa kompyuta ya kawaida. Kinyume chake kina namba trilioni moja. Ni terabaiti 8 za kuhifadhi kitu ambacho hakuna aliyekiuliza, na kukiandika tu kunachukua muda mrefu kuliko kumaliza swali lenyewe mara nyingi.

Idadi ya matendo haisemi kila kitu kuhusu muda. Katika kompyuta za sasa, kuileta namba kutoka kwenye kumbukumbu mara nyingi huchelewesha kuliko kuizidisha, kwa hiyo uwiano wa tatu kwa moja hauonekani daima kwenye saa. Lakini fimbo ya nukta milioni inashindwa kwa kuhesabu na kwa kumbukumbu pia.

Kwa anayeandika programu, somo lote linaangukia kwenye mistari michache. Vitabu vimejaa kanuni zenye A⁻¹b, na aliyezoea huzisoma hivi: tatua milinganyo ya A yenye upande wa kulia b. Katika Python yenye NumPy, njia mbili zinaonekana kukaribiana sana kwa macho:

```python
x = np.linalg.inv(A) @ b     # sanduku zima
x = np.linalg.solve(A, b)    # piramidi
```

Na pande za kulia zikija moja baada ya nyingine, pembetatu mbili zinatunzwa kwa SciPy:

```python
from scipy.linalg import lu_factor, lu_solve
pembetatu = lu_factor(A)
x1 = lu_solve(pembetatu, b1)
x2 = lu_solve(pembetatu, b2)
```

Yupo pia mtu ambaye kwake kinyume ni jibu lenyewe. Mtakwimu anayelinganisha mavuno na mvua na mbolea hataki namba za uhusiano peke yake. Anataka kujua kila moja ina uhakika kiasi gani, na uhakika huo unasomwa kwenye mshazari wa kinyume cha jedwali lake. Gauss mwenyewe alikuwa na visivyojulikana sita alipokuwa akitafuta njia ya sayari ndogo Pallas mwanzoni mwa karne ya 19. Hata hapo, anayehitaji uhakika wa namba moja tu kati ya sita anahitaji safu moja tu ya kinyume: upande wa kulia wenye moja mahali pake na sifuri tano, ashuke, apande, asome namba yake. Piramidi amekwisha kuijenga wakati akitafuta majibu.